Gawio la Kujikatia Mwenyewe

Ijumaa ya tarehe 12 Novemba 2004, hisa moja ya Microsoft ilifunga siku kwa dola 29.97. Jumatatu iliyofuata, tarehe 15, ilifunga kwa dola 27.39. Mtu aliyetazama bei peke yake angedhani kampuni imepatwa na balaa mwishoni mwa wiki. Haikupatwa na lolote. Tofauti ni kwamba aliyenunua Ijumaa alikuwa na haki ya kupokea dola 3.08 kwa kila hisa, na aliyenunua Jumatatu hakuwa nayo.

Tangu Julai mwaka ule kampuni ilikuwa imetangaza kwamba itawagawia wanahisa gawio maalumu la dola 3 kwa hisa, jumla ya dola bilioni 32 hivi, mbali na gawio la kawaida la senti 8 la robo mwaka. Daftari la wanahisa lingefungwa Jumatano tarehe 17 Novemba, na malipo yangetoka tarehe 2 Desemba. Siku zile, Marekani ilichukua siku tatu za kazi tangu hisa inunuliwe mpaka jina la mnunuzi liingie kwenye daftari. Hesabu mwenyewe: ukinunua Ijumaa, jina lako linaingia Jumatano na unawahi. Ukinunua Jumatatu, linaingia Alhamisi, daftari limeshafungwa, na gawio linakwenda kwa aliyekuuzia. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu asubuhi hisa ilikuwa inauzwa bila gawio.

Sasa nani angelipa bei ya Ijumaa kwa bidhaa ya Jumatatu? Hisa ya Ijumaa ilikuwa kipande cha kampuni pamoja na dola 3.08 zilizo njiani. Ya Jumatatu ilikuwa kipande tu, tena cha kampuni ambayo karibuni ingekuwa na dola bilioni 32 pungufu benki. Soko lilijua hayo miezi minne kabla, siku ilijua, na kiasi ilijua, ndiyo maana bei ilishuka bila kelele. Hata wale wenye mikataba ya haki ya kununua hisa hizo kwa bei iliyokwisha kupangwa walirekebishiwa: bei ya mkataba ilipunguzwa kwa dola 3, kwa kuwa kila mtu sokoni alikubali kwamba hisa ya Jumatatu si ile ya Ijumaa.

Ukipiga hesabu utaona kwamba bei ilishuka dola 2.58, si 3.08. Senti 50 zimebaki juu. Usizijengee nadharia. Bei hupanda na kushuka kila siku kwa sababu nyingine chungu nzima, na siku moja ya kampuni moja haithibitishi kitu. Ila ni kweli kwamba ukikusanya siku nyingi za kampuni nyingi, mshuko huwa mdogo kuliko gawio. Mwaka 1970 Edwin Elton na Martin Gruber walipima hisa za Marekani wakakuta bei hushuka kwa wastani wa senti 78 hivi kwa kila dola ya gawio. Maelezo yao yalikuwa kodi: enzi zile gawio lilitozwa zaidi kuliko faida ya kuuza hisa, kwa hiyo dola moja ya gawio haikuwa dola kamili mfukoni mwa mpokeaji. Kwa Microsoft ya 2004 maelezo hayo hayana nguvu kubwa, maana sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeweka kodi zote mbili kwenye asilimia 15 kwa wawekezaji wengi.

Mshuko huo wa bei ndio unaotufikisha kwenye hoja iliyowasumbua watu wa fedha tangu mwaka 1961, pale Merton Miller na Franco Modigliani walipoandika kwamba, kama hakuna kodi wala gharama za kuuza na kununua, na kama mipango ya uwekezaji ya kampuni haibadiliki, basi kiasi na wakati wa gawio havimtajirishi wala kumfukarisha mwanahisa. Wengi hushtuka wakisikia hivyo. Gawio si ndilo tunda la hisa? Tuliweke kwenye shilingi tuone.

Chukulia kampuni ya kubuni yenye hisa milioni moja. Biashara yake ina thamani ya shilingi milioni 900, na ina shilingi milioni 100 taslimu zisizo na kazi ya haraka. Jumla ni bilioni moja, kwa hiyo hisa moja ni shilingi 1,000. Mwalimu mmoja mstaafu ana hisa 500, yaani mali ya shilingi 500,000, na mwaka huu anahitaji shilingi 50,000 za kuezeka upya jiko.

Kampuni ikigawa zile milioni 100, kila hisa inapata shilingi 100. Mwalimu anapokea 50,000 zake. Kampuni inabaki na thamani ya milioni 900, hisa inashuka hadi 900, naye bado ana hisa 500: shilingi 450,000. Kampuni isipogawa, hisa inabaki 1,000. Mwalimu anampigia dalali, anauza hisa 50, anapata 50,000. Amebaki na hisa 450 za shilingi 1,000 kila moja: shilingi 450,000. Amejikatia gawio mwenyewe, kwa kiasi kilekile na wakati uleule.

Hapa ndipo pingamizi hutoka, na ni pingamizi la haki: “Lakini hisa zangu zimepungua! Gawio ningekula na hisa zangu 500 zingebaki.” Zingebaki, ndiyo, ila za kampuni iliyopungua. Twende mwaka mmoja mbele. Tuseme fedha zote zilizomo ndani ya kampuni zinazalisha asilimia 10. Kampuni iliyogawa inakua kutoka milioni 900 hadi 990, hisa inakuwa 990, na hisa 500 za mwalimu ni shilingi 495,000. Ile ambayo haikugawa inakua hadi bilioni 1.1, hisa inakuwa 1,100, na hisa zake 450 ni shilingi 495,000. Idadi ya hisa ni jambo moja, thamani ni jambo jingine, na dukani hulipi kwa idadi.

Njia hiyo inapitika pia kwa kurudi. Kampuni ikigawa na wewe huna shida ya fedha, unachukua zile 50,000 na kununua hisa nyingine kwa bei mpya ya 900. Unapata hisa 55 na chenji ya shilingi 500, na mali yako ni 500,000 kama mwanzo. Aliyelazimishiwa gawio analirudisha, aliyenyimwa analijikatia. Ndiyo sababu, kwenye dunia ile ya Miller na Modigliani, mwekezaji hana haja ya kuililia bodi ya wakurugenzi ilipe mwaka huu au mwakani.

Lakini angalia sharti nililolipitisha haraka: fedha zote zilizomo ndani zinazalisha asilimia 10. Je, kama zile milioni 100 zisizogawiwa zinalala tu kwenye akaunti isiyo na riba? Biashara inakua hadi 990, ongeza milioni 100 zilizolala, jumla milioni 1,090. Hisa 450 za mwalimu ni shilingi 490,500. Amepoteza 4,500 kwa sababu bodi ilikalia fedha, na soko likishalijua hilo, halingoji mwaka uishe ndipo lishushe bei. Kwa maoni yangu hili ndilo swali ambalo mwanahisa anapaswa kuuliza kwenye mkutano mkuu: fedha mnazobaki nazo zinafanya kazi gani, na zinazalisha kiasi gani? Wengi husimama kulalamika kwamba gawio ni dogo, wakaketi bila kuuliza hilo.

Dunia yetu pia ina makato. Tanzania, gawio la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5; mkazi wa Kenya naye hukatwa asilimia 5 kwa gawio la kampuni ya nchini kwake. Gawio la 50,000 linamfikia mwalimu likiwa 47,500. Akiuza hisa badala yake, kamisheni ya dalali na tozo za soko huchukua karibu asilimia 2 kwa mauzo madogo, kama shilingi 1,000. Kwa karatasi, kujikatia ni rahisi zaidi. Sokoni, hata hivyo, zipo kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku kadhaa bila kuuzwa hata moja, na atakayetaka kuuza 50 leo atalazimika kungoja au kukubali bei ya chini. Kiasi gani cha chini, hakuna jedwali litakalokuambia. Inategemea nani yupo upande wa pili siku hiyo.

Makato hayo hayo ndiyo yanayomnasa anayenunua siku chache kabla ya daftari kufungwa “ili awahi gawio.” Ananunua kwa 1,000, anapokea 100 iliyokatwa ikawa 95, na mkononi ana hisa ya 900. Ametoa fedha mfuko wa kulia akaziingiza wa kushoto, na njiani mtoza kodi amechukua shilingi tano na dalali amechukua chake. Kinachomficha ukweli ni kwamba kwenye soko tulivu bei huenda isishuke asubuhi ileile. Huchukua siku kadhaa mpaka muuzaji wa kwanza mwenye haraka atokee.

Pamoja na hesabu zote hizo, watu wenye nyama na damu huonekana kulipenda gawio kwa lenyewe. Kampuni ya Marekani iliyoitwa Citizens Utilities ilianza mwaka 1956 kuwa na hisa za aina mbili. Aina moja ililipwa gawio la fedha taslimu, nyingine ililipwa kwa nyongeza ya hisa, na thamani ya nyongeza hizo ilizidi kidogo ile ya fedha. Kampuni ni ileile na wakurugenzi ni walewale; kwa sheria za kodi za wakati ule, aliyepokea fedha taslimu ndiye aliyeumia zaidi. John Long alipochapisha uchunguzi wake wa bei hizo mwaka 1978, alionyesha kwamba hisa za fedha taslimu zilithaminiwa juu kidogo kuliko hesabu ilivyodai.

Hersh Shefrin na Meir Statman walitoa maelezo yao mwaka 1984, na wala hawakuyatafuta kwenye kodi. Watu wengi, walisema, hujiwekea amri: kula gawio, usiguse mtaji. Anayeuza hisa 50 leo kwa ajili ya jiko anajijua. Mwezi ujao atauza 50 za harusi, na 100 za simu. Gawio linaloamuliwa na bodi lina kikomo ambacho yeye hakukiweka, na kwa mtu wa namna hiyo kikomo hicho kinaweza kuwa na thamani kuliko zile shilingi 2,500 za kodi.