USALAMA NA AFYA: Mayai ya kuchemsha ndani ya frigo, siku ngapi?

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba, habari hii inawahusu wote wawili. Hapa Fungurume yai la kuchemsha ni chakula cha kazi. Mtu anayeingia posti ya asubuhi analitia mfukoni pamoja na mkate na chumvi kidogo. Mama anachemsha mayai 12 siku ya Mungu, anayaweka ndani ya frigo na maganda yake, halafu kila siku anatoa mawili au matatu. Ni desturi nzuri. Lakini ukiuliza watu kumi mayai hayo yanakaa siku ngapi, utapata majibu kumi. Wengine watakuambia mwezi mzima, kwa sababu ganda halijafunguliwa.

Jibu ni hili: siku 7, tangu siku ya kuchemsha, kama yalipoa upesi na kama frigo yenyewe ni baridi kweli. Tuone sababu yake, maana mtu anayejua sababu hasahau sheria.

YAI BICHI LINA WALINZI

Tazama mayai yanayouzwa sokoni kwetu. Mengi yanatoka Zambia, yanapita Kasumbalesa, yanasafiri ndani ya gari siku kadhaa, kisha yanakaa juu ya meza ya muuzaji bila frigo. Wala hayaozi upesi. Basi watu wanawaza: kama yai bichi linavumilia hivi, yai lililopikwa litavumilia zaidi. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Ganda la yai lina matundu madogo kwa maelfu, ambayo jicho haliyaoni. Kifaranga kinavuta hewa kwa matundu hayo. Kuku anapotaga, yai linatoka limefunikwa na utando mwembamba unaoziba matundu. Huyo ni mlinzi wa kwanza. Mlinzi wa pili yumo ndani ya ute mweupe. Muganga Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini baadaye, alieleza mwaka 1922 juu ya kitu kinachoitwa lisozimi, ambacho kinapasua mikrobe fulani, akaona kwamba ute wa yai unacho kwa wingi. Ute una pia kitu kingine kinachoshika madini ya chuma na kuyanyima mikrobe, nazo haziwezi kuongezeka bila chuma.

Sasa wewe unatia yai ndani ya maji yanayochemka. Moto unaua mikrobe zilizokuwamo, na hiyo ni faida kubwa. Lakini moto huohuo unaharibu walinzi. Utando wa nje unatoka, matundu yanabaki wazi, na ute ulioganda hauna tena nguvu ya kupigana. Yai la kuchemsha ni kama nyumba iliyofagiwa vizuri, lakini mlango uko wazi na mlinzi amekwenda zake. Mikrobe itakayoingia baadaye itakuta chakula tayari, bila adui.

SAA MBILI ZA KWANZA

Hesabu ya siku 7 inaanzia jikoni, kabla ya frigo. Kwanza yai liive kabisa, mpaka kiini kiwe kigumu. Sisi tunakaa mahali pa juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na huku maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100; yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Kwa hiyo usihesabu dakika kama mtu wa pwani. Maji yakianza kuchemka, acha mayai dakika 12. Yai lenye kiini laini halimo katika sheria hii: lile uliwe papo hapo.

Pili, yapoe upesi. Ukiyatoa motoni, yatie ndani ya maji baridi. Lakini angalia maji gani! Yai likipoa linajikunja ndani, nalo linavuta maji kidogo kupitia matundu yake. Kama maji ni ya kisima ambayo hayakuchemshwa, au ya ndoo ambamo watoto wameingiza mikono, mikrobe zake zinavutwa hadi chini ya ganda. Tumia maji safi ya kunywa. Yakipoa, yapanguse yakauke, uyaweke ndani ya frigo kabla saa mbili hazijaisha. Katika joto kali la mwezi wa 9 na wa 10, ikiwa nyumba imepita digrii 32, usingoje zaidi ya saa moja. Sufuria iliyolala usiku kucha juu ya mbabula iliyozimika haifai tena kwa frigo asubuhi. Frigo haiui mikrobe, inazichelewesha tu.

Yai lililopasuka wakati wa kuchemka, ule siku ileile. Yaliyobaki mazima, usiyamenye mpaka saa ya kula. Ganda halizuii yote, lakini linakinga yai na mikono, na mikono yetu ndiyo inayobeba mikrobe iitwayo stafilokoki. Mikrobe hiyo ikikaa kwenye chakula chenye joto inatoa sumu ambayo hata kupasha moto tena hakuiondoi.

KWA NINI SIKU 7, NA SI 30?

Frigo nzuri ina digrii 4 au chini yake. Kwa baridi hiyo salmonela haiongezeki, nayo ndiyo mikrobe inayojulikana zaidi kwa mayai. Lakini iko nyingine, jina lake listeria, ambayo inaendelea kuongezeka polepole hata ndani ya frigo. Wakuu wa afya wa Amerika walitangaza kwamba watu 8 waliugua listeria, na mmoja wao akafa, kwa sababu ya mayai ya kuchemsha yaliyotoka katika kiwanda. Mayai yale yalimenywa kiwandani, hayakuwa na maganda, lakini yanatufundisha kwamba baridi peke yake haitoshi. Siku 7 ni muda ambao mikrobe chache zilizoingia bado ni chache. Zikipita, hakuna anayeweza kukuhakikishia. Hatari ya listeria ni kubwa hasa kwa mwanamke mwenye mimba, kwani inaweza kutoa mimba, na kwa wazee.

Je, frigo yako ina digrii ngapi? Kugusa kwa mkono hakutoshi. Weka kipimo cha joto ndani ya bilauri ya maji, katikati ya frigo, usome asubuhi. Mayai yakae ndani kabisa, si mlangoni, maana mlango unapata joto kila unapofunguliwa. Tena yasikae chini ya nyama au samaki mbichi inayodondoka maji.

UMEME UKIKATIKA

Hili ndilo jambo letu hapa Lualaba. Frigo iliyofungwa inatunza baridi yake karibu saa 4, usipofungua mlango. Baada ya hapo joto linapanda. Sheria ya siku 7 ni ya frigo inayofanya kazi; umeme ukikosekana, unahesabu saa, hauhesabu siku.

Tuchukue mfano. Mama amechemsha mayai 12 siku ya Mungu, tarehe 4, akaandika «4» juu ya kila ganda kwa kalamu ya risasi. Siku ya mwisho ya kuyala ni tarehe 11. Tarehe 5 umeme unakatika saa 18 na kurudi saa 21. Ni saa 3, mlango haukufunguliwa: mayai ni mazima, hesabu inaendelea. Tarehe 7 umeme unakatika saa 22 na kurudi saa 5 ya asubuhi. Ni saa 7. Asubuhi mama anasoma digrii 11 kwenye kipimo. Yamebaki mayai 5, na tarehe 11 bado haijafika. Afanye nini? Ayatupe yote matano. Frigo ikipoa tena, mayai yatakuwa baridi kama jana, lakini mikrobe zilizoongezeka usiku hazirudi nyuma.

Ni hasara, ndiyo. Kwa hiyo mahali ambapo umeme unakatika mara nyingi, afadhali kuchemsha mayai 4 ya siku mbili kuliko 12 ya juma zima. Mayai mabichi yaliyobaki yatakungoja bila shida.

PUA YAKO HAITOSHI

Yai lenye utelezi kwenye ganda, au lenye harufu mbaya ya kuoza, litupwe bila kuonja. Lakini yai lisilonuka si lazima liwe zima. Mikrobe zinazoozesha chakula ndizo zinazotoa harufu; salmonela na listeria zinaweza kuwamo bila kubadili harufu wala rangi. Kinyume chake, ile rangi ya kijani unayoona kuzunguka kiini si sumu. Ni chuma cha kiini kilichokutana na kiberiti cha ute, kwa sababu yai lilichemka mno. Kula bila wasiwasi.

Na kama umechanganya mayai ndani ya frigo, hujui lipi bichi, lipi lililochemshwa? Lizungushe juu ya meza. Lililoiva linazunguka vizuri kama pia. Bichi linayumba na kusimama upesi. Lakini kuzungusha hakukuambii lilichemshwa lini. Tarehe peke yake inasema hayo.

KAZINI

Yai ulilotoa frigo saa 11 ya alfajiri na kuliacha ndani ya kabini ya gari lisingoje saa sita ya mchana. Lina saa 2 tu, na kabini yenye jua kali inalipa saa 1. Lile mwanzoni, au lichukue ndani ya chombo cha baridi pamoja na chupa ya maji yaliyoganda. Sumu ya stafilokoki inaweza kukupiga kati ya nusu saa na saa 8. Salmonela kati ya saa 6 na siku 6. Maana yake, kutapika na kuhara kunaweza kukukuta ukiwa kwenye usukani wa gari kubwa ndani ya karieri, kizunguzungu kimekushika, na mwenzako yuko mbele yako kwa miguu. Ukisikia tumbo linaanza, simamisha gari mahali salama, mwambie mkuu wako, uende dispansere. Kuhara damu, homa kali, au mtoto mdogo anayetapika kila anachokunywa, visingoje kesho.

UKUMBUKE:
1. Kiini kigumu, dakika 12 za kuchemka.
2. Maji safi ya kupozea, na frigoni kabla ya saa 2.
3. Tarehe juu ya ganda. Ganda libaki mpaka saa ya kula.
4. Digrii 4, siku 7, basi.
5. Umeme umekosekana zaidi ya saa 4: tupa.