Ngazi Inapoteleza, Kichwa Chake Hushuka kwa Kasi Gani?

Ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani. Mguu wake unavutwa kutoka ukutani kwa kasi isiyobadilika ya mita 0.6 kwa sekunde. Je, kichwa nacho hushuka kwa kasi hiyohiyo?

La. Umbali wa mguu kutoka ukutani, x, na kimo cha kichwa, y, vimefungwa na kanuni ya Pithagorasi: x² + y² = 25. Katika kitambo kifupi sana, kiasi kinachoongezeka kwenye x² lazima kipungue kwenye y². Hivyo, x mara kasi ya mguu ni sawa na y mara kasi ya kichwa.

Mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani, kimo ni mita 4, na kichwa hushuka kwa 3 × 0.6 ÷ 4, yaani mita 0.45 kwa sekunde. Mguu ukifika mita 4, kasi hupanda hadi 0.8.

Wanafunzi wengi hukosea kwa kuweka 3 mahali pa x mapema mno, na mwendo wote hutoweka kwenye hesabu.

Kimo kikikaribia sifuri, hesabu hutoa kasi isiyo na kikomo. Ngazi halisi haifiki huko: kabla ya hapo kichwa huachana na ukuta, na kanuni hii haitumiki tena.