Gari Likivuka Namanga

Kutoka Nairobi hadi Namanga ni mwendo wa kilomita 160 na ushei, lami tupu. Namanga hadi Arusha ni kama kilomita 110 nyingine. Mtu anayekwenda harusini Moshi anaweza kunywa chai ya asubuhi Kitengela na bado akawahi kula pilau ukweni kabla jua halijazama. Safari ni fupi kiasi kwamba wengi huiona kama ya kwenda Nakuru: unajaza mafuta, unapakia watoto, unaondoka. Lakini machoni pa ofisa wa forodha, gari lenye namba za Kenya likiingia Tanzania ni bidhaa kama bidhaa nyingine yoyote, na bidhaa ikivuka mpaka hudaiwa ushuru. Ili usidaiwe, lazima uahidi kwa maandishi kwamba utalirudisha lilikotoka. Ahadi hiyo ndiyo kibali cha kuingiza gari kwa muda.

Msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika pande zote mbili za mpaka. Sheria inaruhusu kitu kilichoingizwa kwa matumizi ya muda kisilipiwe ushuru, mradi kitoke kabla muda haujaisha, na muda wenyewe usizidi miezi 12. Hiyo miezi 12 ni kikomo cha juu, si haki ya kila msafiri. Ofisa hutoa muda kulingana na safari uliyomweleza, na tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi yako ndiyo inayokubana.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Raia wa nchi ya Jumuiya akigongewa pasipoti anaweza kupewa hadi miezi 6 ya kukaa. Anaona muhuri, anafurahi, anadhani na gari limepewa muda huohuo. Sivyo. Uhamiaji humhesabia mtu siku zake, forodha hulihesabia gari siku zake, na ofisi hizo mbili hazilinganishi kalenda. Unaweza kuwa mgeni halali kabisa huku gari ulilokalia limeshageuka bidhaa ya magendo.

Karatasi zinazotakiwa ni chache. Cha kwanza ni logibuku, au kadi ya gari kama wanavyoiita Tanzania, yenye jina la mwenye gari. Kama gari ni la mume, la ndugu au la kampuni, beba barua ya mwenyewe ya kukuruhusu kuvuka nalo, na heri iwe imegongwa muhuri wa wakili. Kama bado unalilipia mkopo na jina la benki limo kwenye logibuku, benki nayo ni mwenye gari. Omba barua yao mapema, maana haipatikani ukiwa tayari umesimama dirishani Jumamosi. Ongeza leseni ya udereva, pasipoti na bima, ambayo nitaifikia.

Namanga ni kituo cha pamoja. Marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walikizindua rasmi Desemba 2018, na tangu hapo anayetoka Kenya hapaswi kusimama upande wa Kenya. Anapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Tanzania, ambamo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa, na humo anagongewa kutoka kisha kuingia. Anayerudi hufanya hivyohivyo upande wa Kenya. Nalisema hili kwa sababu vijana wa njiani watakupungia mkono usimame mapema, wakudai nakala za hati na "ada ya fomu". Hawana ofisi. Malipo yoyote ya serikali ya Tanzania hutolewa namba ya malipo na risiti, na asiyeweza kukupa vitu hivyo viwili hakudai kitu.

Ukishapewa kibali, usikikunje. Kisome palepale dirishani: namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, tarehe ya mwisho. Herufi O iliyoandikwa sifuri haina madhara siku ya kuingia, kwa kuwa hakuna anayeihitaji. Itakusumbua siku ya kutoka, mfumo utakapolikataa gari lililo mbele ya ofisa kwa kuwa si lile lililoandikwa. Kurekebisha herufi moja huku aliyeiandika bado yupo mbele yako ni kazi ya dakika chache.

Kibali kina masharti mengine yasiyosomwa na mtu. Gari lililoingia kwa muda haliuzwi, halikodishwi, na halikabidhiwi mkazi wa Tanzania alitumie kama lake. Yule shemeji wa Moshi anayeomba kuliendesha "wiki moja tu" wakati wewe unarudi Nairobi kwa basi anakuomba uvunje sheria, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Sasa tuje kwenye bima. Bima ya kawaida ya Kenya, ile ndogo ya kulinda watu wengine, inaishia mpakani. Ukivuka nayo pekee, kwa sheria za Tanzania unaendesha gari lisilo na bima. Kuna njia mbili za kuliziba pengo hilo. Unaweza kununua mpakani bima ndogo ya Tanzania ya muda mfupi, au ukaondoka nyumbani na kadi ya njano ya COMESA.

Kadi hii ina historia yake. Itifaki yake ilitiwa saini mwaka 1986, wakati COMESA bado ikiitwa Eneo la Biashara la Upendeleo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini haikujitoa kwenye kadi ya njano, na ndiyo maana kadi iliyotolewa Nairobi inatambulika Arusha. Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Malawi na Zambia nazo zimo. Msumbiji haimo, kwa hiyo anayeteremka hadi Mto Ruvuma na kuvuka atafute bima nyingine huko.

Kadi hununuliwa kwa kampuni yako mwenyewe ya bima, na bei hufuata aina ya gari, siku na nchi utakazopita. Si bima inayosimama peke yake. Ni mkono wa bima ya nyumbani ulionyooshwa hadi nchi jirani, na bima ya nyumbani ikiisha katikati ya safari, kadi nayo imekufa hata kama tarehe yake inaonyesha bado. Linganisha tarehe hizo mbili kabla ya kulipa. Na kadi usiinunue kwa mtu wa kando ya barabara. Siku hizi hutolewa kwa mfumo wa kielektroniki, na kampuni iliyotajwa juu yake inaweza kuulizwa kama kweli imeitoa.

Inalipa nini hasa? Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Nairobi anapita Usa River jioni, pikipiki inakatiza, anaigonga. Mwendeshaji wa bodaboda anavunjika mguu. Mtoto wa yule mama, aliyekaa nyuma, anachanika paji la uso. Taa na rejeta ya gari vimekwisha.

Majeruhi wanakwenda hospitali na polisi wanatoa PF3, fomu ya matibabu ya aliyeumia. Gari linakaguliwa, na ukaguzi huo huandikiwa ripoti. Hizo mbili ndizo mizizi ya madai yote, na asiyezifuatilia kabla ya kuondoka Tanzania hatakuwa na cha kumwonyesha mtu baadaye. Kisha mama anatoa taarifa kwa ofisi inayosimamia kadi ya njano katika nchi ajali ilipotokea, ambayo kwa Tanzania ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Wakati huohuo anaiarifu kampuni yake Nairobi.

NIC inashughulikia dai la bodaboda kana kwamba gari lilikatiwa bima Tanzania, halafu inadai fedha zake Kenya, ambako kadi inasimamiwa na Kenya Re. Majeruhi hana haja ya kumfuata mtu Nairobi. Fidia hupimwa kwa sheria ya Tanzania. Kile kikomo cha shilingi 3,000,000 za Kenya kwa kila aliyeumia, kilichomo katika Sura ya 405 ya sheria za Kenya, hakivuki mpaka. Kinamgusa Mtanzania aliyegonga mtu Mombasa, si Mkenya aliyegonga mtu Usa River.

Paji la uso la mtoto nalo limo, kwa kuwa kadi hugharimia matibabu ya dereva na abiria wa gari lenyewe, kwa kiwango kilichowekwa. Kuhusu pikipiki, jibu linategemea sheria ya nchi husika inamlazimisha mwenye gari kukatia bima nini, na hilo ni swali la kuiuliza kampuni kabla ya kuondoka. Taa na rejeta hazimo kabisa. Kadi ya njano hailipi gari lako hata senti. Hapo unahitaji bima kubwa iliyopanuliwa hadi Tanzania, na upanuzi huo uwe umeandikwa kwenye mkataba wako. Neno la mdomo la wakala halitoshi.

Kosa kubwa la kuepuka eneo la ajali ni kuafikiana. Wazee wa kijiwe watasema toa kiasi fulani, yaishe. Ukikiri kosa na kuahidi fedha, kampuni ya bima ina haki ya kusema ahadi hiyo si yake. Kumpeleka majeruhi hospitali ni wajibu. Kuandikiana karatasi ya malipo chini ya mwembe ni kujinunulia kesi.

Sasa gari lile liko gereji Arusha likisubiri rejeta, na mama amerudi Nairobi kwa basi. Kibali chake kinaendelea kuhesabu. Forodha haijui kuhusu ajali mpaka iambiwe, na muda ukipita, gari linaweza kudaiwa ushuru wote au kukamatwa. Dawa ni kuomba nyongeza ya muda katika ofisi ya forodha ya TRA kabla tarehe haijafika, ukiwa na ripoti ya polisi na barua ya gereji. Nyongeza inayoombwa baada ya muda kuisha si nyongeza tena, ni utetezi. Hata gari likionekana halifai kutengenezwa, usimuuzie fundi vipuri, kwa kuwa mabaki yake bado ni bidhaa ambayo haijalipiwa ushuru.

Siku gari likipona unaweza kulitolea mpaka mwingine, tuseme Holili kwenda Taveta. Maofisa wa Tanzania utawakuta upande wa Taveta. Waombe wakifunge kibali kwenye mfumo, ungoje mpaka wafanye hivyo, na uchukue ushahidi wake. Kibali kilichoachwa wazi kinaonyesha kwamba gari bado lipo Tanzania, na utakaporudi Namanga mwakani utaulizwa liliko, ukiwa umekaa ndani yake.