Kodi ya sukari: tunatoza utamu au tunatoza chupa?

Wanaoitetea kodi ya sukari husema soda ikipanda bei mnunuzi atapunguza, na kisukari kitapungua. Nusu ya kwanza imeonekana. Meksiko ilianza mwaka 2014 kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari. Bei ikapanda kama asilimia 10, na mwaka huo ununuzi ukashuka takriban asilimia 6. Nusu ya pili ni ngumu kupima, kwani kisukari huchukua miaka mingi kujitokeza.

Uingereza ilikwenda njia nyengine. Ilipoanza kodi yake Aprili 2018, kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hakikulipa kitu. Kuanzia gramu 5 kililipa peni 18 kwa lita, na kuanzia 8, peni 24. Viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla ya siku yenyewe. Mnywaji hakubadilika, soda ndiyo iliyobadilika.

Hapa Kenya ushuru wa vinywaji hivi hutozwa kwa lita, na maji ya chupa yamo humo humo! Kiwanda kikipunguza sukari hakipati nafuu yoyote ya ushuru.

Wapinzani husema kodi humbana maskini. Ni kweli, ila Meksiko maskini ndio waliopunguza soda zaidi. Hoja inayonitatiza mimi ni chai yetu ya vijiko vitatu, asubuhi na jioni. Hiyo, kodi ya soda haiigusi.