Droni ya Mizigo Inafika Wapi? Hesabu ya Betri, Uzito na Upepo

Droni ya mizigo inayotumia betri haina mahali pa kujaza njiani. Nishati iliyopaa nayo ndiyo itakayoifikisha kwa mpokeaji, kuishusha, kuipandisha tena na kuirudisha nyumbani. Kujua itafika umbali gani ni kujua mambo mawili: betri ina nishati kiasi gani, na droni inaitumia upesi kiasi gani.

Jambo la kwanza limeandikwa kwenye betri yenyewe. Tuseme droni yenye propela sita ina betri ya miliampia-saa 16,000, yaani ampia-saa 16, na volti 22.2. Namba hizo mbili zikizidishwa hutoa wati-saa 355. Lakini nishati hiyo haitumiki yote. Betri za lithiamu zikimalizwa kabisa huharibika, na volti zake huporomoka ghafla karibu na mwisho. Kwa kawaida asilimia 20 huachwa kama akiba, hivyo zinabaki wati-saa 284 za kupangia safari.

Jambo la pili hutegemea uzito. Droni hii ina kilo 6 pamoja na betri, na ikielea mahali pamoja bila mzigo inatumia wati 900. Wati-saa 284 zikigawanywa kwa wati 900 zinatoa muda wa dakika 19 hewani.

Sasa ifungiwe kilo 2 za dawa. Uzito umeongezeka kwa theluthi moja, lakini matumizi ya umeme yanaongezeka zaidi ya hapo, kwa sababu propela zilezile zinalazimika kusukuma hewa nyingi zaidi na kwa kasi kubwa zaidi. Hesabu yake ni hii: uzito mpya unagawanywa kwa ule wa awali, kisha jibu linazidishwa kwa kipeuo chake cha pili. Nane kwa sita ni 1.33, kipeuo chake ni 1.15, zao lake ni 1.54. Wati 900 zinakuwa takribani 1,390, na muda wa kuelea unashuka hadi dakika 12 na kidogo.

Kanuni hiyohiyo inaonyesha kwa nini kuongeza betri hakusaidii kama inavyodhaniwa. Betri ya pili ya aina hii ina kama kilo 2. Ikiwekwa badala ya mzigo, nishati inakuwa maradufu, lakini droni inakula umeme kama iliyobeba dawa. Muda unapanda kutoka dakika 19 hadi 25 tu, na nafasi ya mzigo imekwisha.

Kutoka kwenye muda, hesabu huhamia kwenye umbali. Droni hii husafiri kwa kilomita 54 kwa saa, na kwa mwendo huo wa wastani matumizi yake hayatofautiani sana na ya kuelea. Mizigo hupelekwa upande mmoja: droni huenda nzito na kurudi nyepesi. Kila kilomita ya kwenda inatumia wati-saa 25.7, na kila kilomita ya kurudi 16.7. Jumla ni wati-saa 42.3 kwa kila kilomita ya umbali wa mpokeaji. Kabla ya hapo kuna gharama ya kupaa na kutua mara mbili: dakika 2 ikiwa na mzigo na 2 ikiwa tupu zinakula wati-saa 76. Zinazobaki kwa safari ni 208. Zikigawanywa kwa 42.3, mpokeaji anaweza kuwa umbali wa kilomita 4.9, hewa ikiwa imetulia.

Hewa haitulii mara nyingi. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao ardhini hutikisa matawi madogo tu, ukiwa wa mbele unapunguza mwendo wa droni juu ya ardhi kutoka kilomita 54 hadi 36. Ukiwa wa nyuma unaupandisha hadi 72. Wengi hudhani hasara ya kwenda itafidiwa na faida ya kurudi. Haifidiwi, kwa kuwa betri hutumika kwa dakika, na dakika nyingi huishia upande ule wa mwendo wa polepole.

Katika mfano huu, kwenda na mzigo dhidi ya upepo kunatumia wati-saa 38.5 kwa kilomita, na kurudi 12.5. Jumla ni 51, na umbali wa mpokeaji unashuka hadi kilomita 4.1. Upepo ukigeuka, ukasukuma droni iliyobeba na kuikabili iliyo tupu, jumla ni wati-saa 44 na umbali unafika kilomita 4.7. Upepo ni uleule. Kilichobadilika ni nani anaukabili, mzito au mwepesi. Hata upepo wa ubavuni una gharama, kwa sababu droni hulazimika kuelekeza sehemu ya mwendo wake pembeni ili isitoke njiani: kilomita 54 zinakuwa 51, kwenda na kurudi.

Droni ikitumwa kilomita 4.9 kwa hesabu ya hewa tulivu, kisha ikakutana na upepo huo wa mbele wakati wa kwenda, itahitaji wati-saa 326. Itarudi na asilimia 8 ya betri, katika eneo lile ambalo volti huporomoka. Kosa la namna hii hutokea kwa urahisi pale upepo unapopimwa karibu na ardhi, kwa sababu mita 100 juu huwa na nguvu zaidi.

Dawa mojawapo ya upepo ni mwendo. Mwaka 2018 DHL, GIZ na Wingcopter walitangaza matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Droni yao ilipaa wima kama helikopta, kisha ikasafiri kwa mabawa. Kilomita 60 zilichukua wastani wa dakika 40, sawa na kilomita 90 kwa saa. Bawa hubeba uzito kwa umeme mdogo kuliko propela zinazoelea. Zaidi ya hilo, upepo wa mbele wa kilomita 18 ungerefusha safari hiyo hadi dakika 50, yaani kwa robo, wakati droni ya mfano wetu hurefushiwa muda kwa nusu nzima.

Makadirio yote haya husahihishwa kwa vipimo. Kumbukumbu za safari huonyesha wati zilizotumika wakati wa kuelea. Zikizidi za awali kwa uzito uleule, propela huenda zimelika ncha. Mwinuko nao una sehemu yake: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kuelea kunahitaji umeme zaidi kwa kama asilimia 5. Betri hupimwa kwa kuangalia miliampia-saa zinazorudi wakati wa kuchaji. Ile ya mfano wetu ikibakiwa na asilimia 85 ya uwezo wake, wati-saa za kupangia zinakuwa 241. Baada ya kupaa na kutua zinabaki 165. Katika upepo ule wa mbele wa kwenda, mpokeaji wa mbali kabisa yuko kilomita 3.2.