Hesabu Mbili za Dakti Moja

Ukumbi unaopozwa na mashine moja kubwa mara nyingi hugawanyika. Waliokaa karibu na mashine hujitanda khanga na makoti, na walio mwisho wa ukumbi hujipepea kwa karatasi za ratiba. Fundi huitwa, gesi huongezwa, na hali hubaki ileile. Kwa kawaida mashine haina kosa. Tatizo liko juu ya dari, kwenye dakti, ile njia ya mabati inayosambaza hewa baridi, na lilianza siku vipimo vyake vilipopangwa.

Hewa inayopita ndani ya dakti ina presha za aina mbili. Presha tuli husukuma kuta za bati pande zote, na ndiyo inayoitoa hewa kupitia grili. Presha ya mwendo inatokana na kasi ya hewa yenyewe. Kuipata ni rahisi: chukua kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha uzidishe kwa 0.6. Hewa inayokwenda mita 7.8 kwa sekunde ina presha ya mwendo ya karibu paskali 37. Msuguano kwenye bati hula jumla ya presha hizo kadiri hewa inavyosonga mbele.

Kuna jambo moja ambalo mpangaji wa dakti hapaswi kulisahau. Hewa ikipunguza kasi taratibu, sehemu ya presha yake ya mwendo hugeuka kuwa presha tuli, kama mwendesha baiskeli anayekuja kwa kasi na kupanda kilima bila kukanyaga pedeli: kasi inapungua, lakini kimo anakipata. Ubadilishanaji huo haukamiliki, kwa sababu misukosuko ya hewa hula sehemu yake. Wahandisi wengi hukadiria kwamba asilimia 75 ndiyo inayorudi.

Tuchukue ukumbi mrefu wa pwani, wenye dakti kuu ya duara ya mita 50. Feni inatoa mita za ujazo 2 za hewa kwa sekunde. Kila baada ya mita 10 kuna tawi linalochukua 0.4, hadi tawi la tano mwishoni. Kila tawi, pamoja na grili yake, linahitaji presha tuli ya paskali 30 ili litoe kiasi chake. Upotevu mdogo kwenye maungio tuuache kando, ili hesabu ionekane vizuri.

Njia ya msuguano sawa ndiyo inayotumika zaidi, kwa kuwa ni nyepesi. Mpangaji huchagua kiwango kimoja cha upotevu, tuseme paskali 1 kwa kila mita, halafu kwa kutumia chati hutafuta kipenyo kinacholeta upotevu huo kwa kiasi cha hewa kilichobaki katika kila kipande. Hapa kipenyo kinaanza na milimita 570, kisha 525, 470, 405 na 310. Kasi inashuka kutoka 7.8 hadi 5.3. Mita 50 zimekula paskali 50, ongeza 30 za tawi la mwisho, basi feni iipe dakti presha tuli ya paskali 80. Wengi huishia hapo.

Lakini hewa haijui mpangaji ametumia njia gani. Kasi imepungua, na kwa hiyo presha ya mwendo imeshuka kutoka 37 hadi 17. Asilimia 75 ya tofauti hiyo, yaani paskali 15, imerudi kuwa presha tuli, ingawa hakuna aliyeiandika. Dakti hii ilihitaji 65, si 80. Aliyenunua feni kwa 80 amelipia nguvu ambayo dampa zitalazimika kuiziba kila siku.

Kosa la pili ndilo linalowagawa waliokaa ukumbini. Baada ya mita 10 za kwanza, tawi la kwanza linapata paskali 55, huku la mwisho likipata 30. Kiasi cha hewa kinachopita kwenye grili hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo bila dampa tawi la kwanza linatoa takriban theluthi moja zaidi ya lilivyopangiwa. Fundi akibana dampa zake, ukumbi utasawazika, lakini dampa iliyobanwa sana hupiga kelele, na waliokaa chini yake huisikia.

Njia ya kurejesha presha inaanzia upande mwingine. Kipande cha kwanza kinabaki cha milimita 570. Kipande kinachofuata kinapanuliwa kiasi kwamba presha tuli inayorudi baada ya tawi inalingana na msuguano wa mita 10 zinazofuata. Hapa ni lazima kubahatisha kisha kusahihisha. Nikijaribu kasi ya 6.5 kwa kipande cha pili, presha inayorudi ni paskali 8.7 na msuguano ni 7.4, kwa hiyo bati limekuwa pana kuliko inavyohitajika. Nikipandisha kasi hadi 6.6 hivi, pande zote mbili zinakutana karibu na 8, na kipenyo kinakuwa milimita 555. Kwa mtindo huohuo vipande vinavyofuata vinakuwa 525, 475 na 385, na kasi ya mwisho ni 3.4.

Sasa matawi yote matano yanakuta presha tuli ileile, karibu paskali 30, na dakti inahitaji 40 tu mwanzoni. Gharama yake ni bati: karibu mita za mraba 79 badala ya 72. Faida ni paskali 25, ambazo kwa hewa hii na feni yenye ufanisi wa asilimia 60 ni kama wati 83. Kwa umeme peke yake sioni kama hilo ni jambo kubwa. Ninachokithamini ni kwamba usawa umejengwa ndani ya bati, wala hautegemei dampa ambayo mtu yeyote anaweza kuigusa.

Njia hii ina mipaka. Inahitaji kasi ya kutosha mwanzoni, la sivyo hakuna cha kurejesha. Umbali kati ya matawi ukiwa mrefu sana, bati linanenepa hadi dari linakataa. Na kwa dakti fupi yenye matawi mawili au matatu, msuguano sawa unatosha, mradi presha inayorudi ihesabiwe. Vilevile chati nyingi zimechorwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Dar es Salaam na Mombasa zinafaa kama zilivyo, lakini Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18. Msuguano na presha inayorudi hupungua pamoja, hivyo vipenyo havibadiliki sana, ila paskali za feni hubadilika.

Kinachoharibu zaidi ni ujenzi. Ile asilimia 75 inataka mpanuko wa taratibu na tawi lililounganishwa vizuri. Bati likikatwa kona kali, au maungio yakivuja, presha iliyotegemewa hairudi, na kwa kuwa kila kipande kinategemea kilichotangulia, upungufu unalundikana hadi mwisho.

Kupima si kazi ngumu. Toboa tundu dogo kwenye bati kabla ya tawi la kwanza na jingine kabla ya la mwisho, mbali na kona, na usome presha tuli kwa manometa, ncha ya kipimo ikiwa sambamba na mkondo wa hewa. Fungua dampa zote kwanza. Katika dakti ya hesabu ya pili namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Ya mwisho ikiwa chini kwa paskali 10 au zaidi, sogea nyuma tundu kwa tundu hadi uone presha inaposhuka ghafla. Hapo ndipo penye mvujo, bati lililobonyea, au ungio lililokatwa vibaya.