Jenereta Mbili, Swichi Moja

Kituo cha afya kina wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji na friji ya chanjo. Kina umeme wa gridi, na kina jenereta ya dizeli kwa siku umeme unapokatika. Hata hivyo bado kuna saa nyingi za giza kila mwaka. Fedha zikipatikana, pendekezo la kwanza kwenye kikao huwa kununua jenereta ya pili. Kabla ya kupitisha pendekezo hilo, ipo hesabu fupi inayofaa kufanywa, na anayejua kuzidisha desimali anaiweza.

Hesabu huanza na maswali mawili kwa kila kifaa. Kinafanya kazi muda gani, kwa wastani, kabla ya kuharibika? Na kikiharibika, kinachukua muda gani mpaka kirudi kazini? Gawanya muda wa kwanza kwa jumla ya yote miwili. Jibu ni upatikanaji wa kifaa, yaani sehemu ya muda wote ambayo kifaa hicho kinategemeka kuwepo. Tuseme gridi yetu huwaka kwa wastani wa saa 190, kisha hukatika kwa saa 10. Upatikanaji wake ni 190 kwa 200, yaani 0.95.

Wastani wa muda wa kuharibika usichukuliwe kama ahadi ya umri. Kifaa kinachoharibika kwa bahati tu, bila kuchakaa, kikiwa na wastani wa saa 10,000, kina uwezekano wa asilimia 37 hivi wa kuzifikia saa hizo. Vingi huharibika kabla, na vichache vinavyodumu sana ndivyo vinavyoupandisha wastani.

Sasa tufuate umeme mpaka kwenye friji ya chanjo. Unatoka kwenye gridi au kwenye jenereta, unaingia kwenye swichi ya kubadilishia, ile ambayo mafundi huiita chenji ova, kisha unapita kwenye bodi kuu na nyaya za jengo. Gridi na jenereta zimekaa sambamba: moja ikiwepo inatosha. Swichi na bodi zimekaa kwa mfululizo: yoyote ikifa, friji inazima.

Mfululizo na sambamba vina kanuni tofauti. Kwenye mfululizo lazima vyote viwe vizima kwa pamoja, kwa hiyo tunazidisha upatikanaji wa kila kimoja. Kwenye sambamba umeme hukosekana pale tu vyote vinapokuwa vimeharibika kwa pamoja, kwa hiyo tunazidisha sehemu za ukosefu, kisha tunatoa jibu kwenye 1.

Tuipe jenereta 0.90, tukihesabu humo na siku inapogoma kuwaka. Gridi inakosekana kwa 0.05 na jenereta kwa 0.10. Zikizidishwa ni 0.005, kwa hiyo zikiwa pamoja upatikanaji wake ni 0.995. Swichi yetu ni ya zamani: huharibika kila baada ya saa 10,000 kwa wastani, na kipuri chake huagizwa mjini, hivyo matengenezo huchukua saa 50. Upatikanaji wake ni 10,000 kwa 10,050, karibu 0.995. Bodi na nyaya tuzipe 0.998. Tukizidisha 0.995 kwa 0.995 kwa 0.998 tunapata 0.988.

Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo friji hukosa umeme kama saa 105. Bila jenereta wala swichi yake, zingekuwa saa 455. Jenereta ya kwanza imefanya kazi kubwa.

Je, ya pili? Tukiongeza nyingine ya aina hiyohiyo, ukosefu wa vyanzo vya umeme unashuka mpaka 0.05 mara 0.10 mara 0.10, yaani 0.0005. Lakini umeme wote bado unapita kwenye swichi ileile na bodi ileile. Giza linashuka kutoka saa 105 mpaka 66 hivi, na hapo linagota. Hata tungepanga jenereta kumi, saa zinazosababishwa na swichi na bodi zingebaki palepale.

Sasa turudi nyuma. Tusinunue jenereta; tununue swichi ya akiba, tuiweke stoo, na fundi afundishwe kuibadilisha. Matengenezo yakishuka kutoka saa 50 mpaka 10, upatikanaji wa swichi unakuwa 0.999, ingawa inaharibika mara zilezile kama zamani. Giza kwa mwaka linakuwa saa 70. Kwa kipuri kimoja na mafunzo tumekaribia kabisa manufaa ya jenereta nzima. Tukifanya yote mawili, tunafika saa 31 hivi.

Kasi ya matengenezo ina nguvu hata kwenye vifaa vilivyo sambamba. Chukua pampu mbili za maji zinazofanya kazi pamoja, kila moja na wastani wa saa 10,000, na moja inatosha. Wengi watadhani pampu mbili zitadumu saa 20,000. Bila matengenezo, ni 15,000 tu: kwa kuwa zote ziko kazini, ya kwanza kufa huanguka baada ya saa 5,000 kwa wastani, na iliyobaki ina saa 10,000 mbele yake. Lakini ikiwa pampu iliyokufa hutengenezwa kwa saa 100, kituo hukosa maji pale tu nyingine inapokufa ndani ya saa hizo 100. Uwezekano huo ni karibu asilimia 1. Wastani unaruka mpaka saa laki tano na zaidi.

Faida hiyo inakuja kwa sharti kwamba mtu ajue kuwa pampu ya kwanza imekufa. Jenereta ya akiba inaweza kukaa miezi na betri iliyoisha chaji bila yeyote kujua. Ikijaribiwa mara moja kwa mwezi, hitilafu ya namna hiyo hujificha siku 15 kwa wastani. Ikijaribiwa kila wiki, siku tatu na nusu. Na ijaribiwe kwa kubeba mzigo wa kweli, maana injini inaweza kunguruma vizuri huku umeme wake haufiki kwenye swichi.

Kuna sharti la pili, zito kuliko la kwanza. Tulipozidisha 0.10 kwa 0.10 tulichukulia kwamba jenereta moja ikifa, nyingine haihusiki. Tarehe 11 Machi 2011, kule Fukushima Daiichi nchini Japani, tetemeko la ardhi lilikata umeme wa gridi na jenereta za dharura zikawaka kama zilivyopangwa. Chini ya saa moja baadaye tsunami iliingia. Jenereta nyingi na bodi zake za umeme zilikuwa sehemu za chini za majengo, na maji yakazifikia karibu zote kwa pamoja. Katika kituo kizima, jenereta moja tu, ya kinu cha 6, iliendelea kutoa umeme. Penye chanzo kimoja cha maangamizi, kuzidisha ukosefu kwa ukosefu hutoa jibu la uongo.

Kwenye kituo chetu cha afya, maji hayo yanaweza kuwa tangi moja la dizeli chafu linalolisha jenereta mbili, au banda moja linalojaa maji mvua za masika zikizidi. Kwa hiyo kikao kichore kwanza njia ya umeme kwenye karatasi, kifaa kwa kifaa, na kuandika saa kando ya kila kimoja kutoka kwenye daftari la matengenezo. Palipo na kifaa kimoja kinachopitiwa na umeme wote, hapo ndipo kipuri kiwekwe kwanza. Baada yake ipangwe ratiba ya kujaribu jenereta iliyopo. Jenereta ya pili ije ya tatu, ikiwa na tangi lake na banda lake mbali na la kwanza.